Tangazo lisizidi tenga: kuuza muhogo wa futari Mtwara mjini

Muhogo una sifa moja ambayo nyanya haina: unasubiri. Ukikosa mteja wiki hii, unabaki ardhini, na wiki ijayo bado upo. Lakini ukishaung'oa tu, saa zimeanza kuhesabiwa. Siku ya pili au ya tatu mistari ya bluu iliyofifia, halafu nyeusi, inatokea ndani ya weupe wake, na mama wa Ligula akiuvunja jikoni na kukuta mistari hiyo, namba yako kaifuta.

Kwa sababu hiyo, kikundi kidogo cha wakulima wa pembezoni mwa Mtwara kinachotaka kuuzia watu wa mjini moja kwa moja, bila dalali wa sokoni, kina bidhaa nzuri kuliko kinavyodhani. Unatangaza kwanza Facebook, unapokea oda kwa WhatsApp, ndipo unang'oa. Hakuna mzigo unaoozea stoo. Na katika mwaka mzima hakuna mwezi unaoupokea muhogo kama Ramadhani, ambapo muhogo wa nazi ni futari ya nyumba nyingi za pwani hii.

Korosho naziweka kando makusudi. Korosho ghafi huku hupita kwenye stakabadhi ghalani na minada ya vyama vya ushirika tangu msimu wa 2007/08, kwa hiyo si kitu cha kuweka bei Facebook na kumpelekea mtu nyumbani. Zilizobanguliwa ni habari nyingine, nazo zinasafiri hadi popote, kwa hiyo shida yake ya matangazo si hii ninayoizungumzia. Shida ninayoizungumzia ni ya bidhaa nzito, ya bei ndogo, inayoharibika upesi, na inayofikishwa kwa pikipiki.

Makosa ya kwanza hufanyika kabla simu haijashikwa. Kikundi kinaanza na swali "tuna shilingi ngapi za tangazo?" wakati swali la kuanzia ni "tunaweza kufikisha mifuko mingapi kabla ya saa 9 alasiri?" Tangazo linaweza kuongezwa kwa kidole. Toyo haiongezwi kwa kidole.

Tuchukue kikundi cha mfano chenye mashamba upande wa Naliendele, kilomita kama 10 kutoka katikati ya mji. Kinauza kitu kimoja tu: mfuko wa futari, wenye muhogo kilo 3 na nazi 2 zilizofuliwa. Mfuko mmoja una uzito wa kilo 4 na kitu. Toyo moja inaleta mzigo mpaka sehemu moja ya kugawia mjini, na bodaboda wawili wanasambaza kuanzia hapo. Boda mmoja, akiwa na kreti la plastiki lililofungwa vizuri nyuma, atabeba mifuko 7 au 8 kwa raundi bila kuyumba, na anapiga raundi mbili. Kila nyumba inakula dakika 8 hivi, ukihesabu kutafuta geti, kupiga simu, kungoja mtoto atumwe chenji. Nyumba 15 ni saa mbili kamili. Anza kugawa saa 6 na nusu mchana, maliza saa 8 na nusu, acha nusu saa ya mvua na pancha. Ndiyo hivyo: mifuko 30 kwa safari, si zaidi. Ukifika saa 10 jioni, muhogo huenda usiive kabla ya adhana ya magharibi, na mteja ana haki ya kukurudisha nao.

Mifuko 30 ni kilo 90 za muhogo. Ukiweka akiba ya mizizi myembamba na iliyokatwa na jembe, ng'oa kilo 110. Shina likitoa kilo 2 na nusu hadi 3, hayo ni mashina 40 tu. Safari 12 kwa mwezi mzima zitakula mashina 480, ambayo kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja ni karibu sehemu ya nane ya ekari. Nayataja haya kwa sababu wengi wakisikia "tangazo" wanafikiria ekari nzima itaisha. Haitaisha. Ekari nzima ina mashina kama 4,000, na kwa njia hii ya mlango kwa mlango hutaimaliza hata kwa Ramadhani tatu. Muhogo mwingine utaendelea kwenda sokoni kama kawaida.

Sasa pesa. Bei hizi ni za mfano, weka zako, lakini usiruke mstari hata mmoja. Mfuko unauzwa 7,000, umefika mlangoni. Mkulima analipwa 700 kwa kilo ya muhogo na 800 kwa nazi, jumla 3,700. Mfuko mbadala ni 200, kwani ile ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na hakuna sababu ya kumkaribisha bwana afya kwenye biashara. Bando, makato ya kupokea pesa na mfuko mmojammoja unaorudi, tuseme 200. Toyo 22,000 na boda wawili 10,000 kila mmoja ni 42,000 kwa safari, yaani 1,400 kwa mfuko kama mifuko ni 30. Inabaki 1,500.

Hiyo 1,500 ndiyo tangazo linaloruhusiwa kula, na halitakiwi kuila yote.

Tuseme kila mtu anayeanza kuongea nawe WhatsApp kupitia tangazo anakugharimu shilingi 400, na kati ya watatu mmoja ananunua. Mteja mpya amekugharimu 1,200, umebaki na 300. Haifurahishi, lakini si hasara, na akirudi mara ya pili bila tangazo unabaki na 1,500 kamili. Kama anayenunua ni mmoja kati ya watano, mteja mpya amefika 2,000 na kila mfuko unakutoa 500 mfukoni. Hapo ndipo vikundi vingi vinapokuwa, na havijui, kwa sababu vinaangalia idadi ya meseji na kufurahi.

Kuna kitu kibaya kuliko hicho. Rudia hesabu ile kwa mifuko 18 badala ya 30. Toyo na boda bado wanataka 42,000 yao, kwa hiyo usafiri umepanda hadi 2,333 kwa mfuko na baki yako imeshuka hadi 567. Mteja mpya wa 1,200 sasa ni hasara tupu, ingawa tangazo lenyewe halijabadilika hata senti. Ndiyo maana nashauri wiki ya kwanza mfanye safari moja tu, Jumamosi, na pesa yote ya tangazo iende kuijaza hiyo. Safari tatu nusunusu zitawamaliza kabla ya kumi la kwanza kuisha.

Kwa hiyo bajeti inapatikana kwa kurudi nyuma: mifuko 30, mazungumzo 90, shilingi 36,000 kwa jioni tatu za Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Akaunti nyingi hapa hufunguliwa kwa dola, hivyo geuza kwa bei ya benki yako ya siku hiyo, na kumbuka bili inaweza kuja na VAT juu yake.

Ramani ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi.

Ukibonyeza kitufe cha "Boost post" chini ya posti yako ya Facebook na kuandika Mtwara, unaweza kujikuta unalipia mkoa mzima, Masasi na Newala wakiwemo. Hata ukichagua mji kwa jina, duara linalowekwa kuzunguka mji huwa pana sana kwa biashara ya pikipiki. Halishuki chini ya kilomita 17 au hapo. Njia ya kufika kwenye duara dogo ni kuingia Ads Manager, chombo cha Facebook cha kusimamia matangazo, sehemu ya Locations, na kutumia "Drop pin". Pini unaidondosha mwenyewe kwenye ramani, na duara lake linaweza kushuka mpaka kilomita 1. Kwa kikundi chetu, dondosha pini kati ya Rahaleo na Ligula na uweke kilomita 4. Sehemu ya duara itaangukia baharini. Usijali, samaki hawatozwi. Unalipia watu wanaoliona tangazo, si ukubwa wa duara.

Unachotakiwa kukijali ni kwamba duara hupimwa kama anavyoruka kunguru, halijui barabara wala maji. Msangamkuu iko ng'ambo ya bandari, karibu sana kwa macho, na duara lako litaimeza. Lakini kuifikia ni kwa kivuko, na boda wako mwenye kreti la muhogo akisubiri kivuko, nyumba sita za Shangani zimechelewa. Basi dondosha pini ya pili juu ya Msangamkuu, badilisha "Include" iwe "Exclude", na uipe kilomita 1 au 2. Aliyeko Lindi mjini ana hesabu hiyohiyo na Kitunda, ng'ambo ya ghuba. "Boost post" haikupi nafasi nzuri ya kutoa maeneo namna hii, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuachana nayo.

Hata baada ya kazi yote hiyo, ramani itavuja. Facebook siku hizi inawahesabu pamoja wanaoishi mahali na waliokuwepo hivi karibuni, na huwezi kuwatenganisha. Abiria aliyelala Mtwara juzi akapanda basi la Dar es Salaam leo atakuona. Pia simu haitambuliki ilipo kwa uhakika kila mara. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa tangazo, ule unaosomeka kabla ya "See more", ufanye kazi ambayo duara limeshindwa. Hivi:

"Mtwara mjini tu: Shangani, Ligula, Rahaleo, Chikongola, Majengo, Magomeni. Mfuko wa futari, muhogo kilo 3 na nazi 2, sh 7,000 umefika mlangoni kabla ya saa 9 alasiri Jumamosi. Muhogo unang'olewa asubuhi hiyohiyo. Mifuko 30 tu. Oda mwisho Ijumaa saa 4 usiku."

Hakuna "karibuni sana wateja wetu wapendwa". Mitaa, kilichomo, bei, saa, kikomo. Ukificha bei ili watu "waje inboksi" utapata mazungumzo mengi ya bei rahisi, na kila moja litakuwa neno moja: "Bei?" Ukiwajibu wanapotea. Umelipia 400 kumwambia mtu kitu ambacho kingeandikwa bure. Tangazo lenye bei huleta meseji chache na ghali zaidi, na ndizo zinazonunua.

Picha iwe moja, ya muhogo uliovunjwa kwa mkono, si kukatwa kwa kisu. Mnunuzi wa pwani anajua kusoma muhogo uliovunjwa: weupe wake, ukavu wake, kutokuwepo kwa mistari. Weka pembeni nazi mbili na mzani unaosoma kilo 3. Piga nje, asubuhi, chini ya kivuli. Video inakula bando la mtazamaji na haitaonyesha kitu ambacho picha hiyo haijaonyesha. Na kabla ya picha, hakikisheni mmekubaliana ni muhogo mtamu tu unaoingia kwenye mfuko, wa aina moja inayojulikana kuiva laini, Kiroba kwa mfano. Mchungu ukichanganyika hata shina moja, hilo si tatizo la tangazo tena, ni la afya ya mtu.

Kuhusu kupanga tangazo lenyewe nitapita haraka, maana skrini hubadilika. Ukurasa wa Facebook wa kikundi uunganishwe na namba ya WhatsApp Business kabla ya yote. Lengo chagua Engagement, na mahali pa kupokelea meseji pawe WhatsApp. Bajeti chagua "Lifetime budget" badala ya ya siku, kwa sababu mbili: bajeti ya siku inaweza kupitiliza siku moja na kujifidia nyingine, jambo baya kwa mwenye tenga dogo, na ile ya muda wote inakuruhusu kuchagua masaa. Masaa hayo yawe 16:00 hadi 22:00, yaani saa 10 jioni mpaka saa 4 usiku. Humo mna muda wa kabla ya futari watu wakisubiri, na muda wa baada ya tarawehe wakiwa wamejilaza na simu. Usiyabane masaa hayo yakabaki moja au mawili tu, maana mfumo utakosa nafasi ya kuchagua na utalipia ghali au pesa isitumike. Angalia pia saa za akaunti siku unapoifungua. Akaunti iliyoachwa kwenye saa za Marekani itakurushia tangazo watu wa Mtwara wakiwa wamelala, na utabaki kulaumu picha.

Tuma tangazo Jumatatu usiku kama linatakiwa kuanza Jumatano. Mengi hupitishwa ndani ya saa 24, lakini si yote, na kadi ya malipo isiyo na salio la kutosha hukataliwa kimyakimya. Kadi za mtandaoni zinazotengenezwa kwenye menyu ya pesa za simu zinafaa, mradi salio liwemo kabla, siyo "nitaweka jioni".

Na tafadhali, seti moja ya tangazo. Kishawishi cha kutengeneza moja la Shangani, jingine la Majengo, la tatu la Magomeni ni kikubwa kwa sababu kinaonekana kama akili. Mfumo unahitaji matokeo kama 50 kwa wiki kwa kila seti ili utulie na kujua nani wa kumwonyesha. Mazungumzo 90 kwenye seti moja yanavuka hapo. Yagawe kwa tatu, kila moja ina 30, na zote zitakaa zimeandikwa "Learning limited" mpaka sikukuu. Kugawa mitaa ni kazi ya WhatsApp.

Huko WhatsApp, andika salamu ya kujibu yenyewe isiyozidi mistari mitatu: "Asalaam alaykum. Mfuko ni 7,000 umefika. Taja mtaa wako, idadi ya mifuko, kisha tuma lokesheni ukiwa nyumbani." Maneno "ukiwa nyumbani" yasikosekane. Mtu anatuma lokesheni saa 5 asubuhi akiwa ofisini, na kesho yake boda anafika benki na muhogo. Nyumba nyingi zina namba za anwani za makazi siku hizi, chukua na hizo, lakini boda wa Mtwara bado ataomba aambiwe ni nyuma ya msikiti gani.

Tumia lebo nne tu: Mpya, Kalipa, Nje ya eneo, Kafikishiwa. Mteja wa mara ya kwanza atangulize 2,000 kwa lipa namba, iliyobaki akipokea. Kumdai yote mtu asiyekujua kutamfukuza. Kutomdai chochote kutakuletea oda hewa, na muhogo uliong'olewa kwa ajili ya oda hewa hauna pa kwenda isipokuwa kwa majirani kwa bei ya aibu. Malipo yahakikiwe kwenye simu yenye lipa namba, siyo kwa picha ya meseji aliyoituma mteja. Picha hutengenezwa.

Kitu cha kuangalia kila usiku hakizidi dakika tano. Fungua Ads Manager usome gharama ya kila mazungumzo, kisha hesabu lebo. Namba ya "Messaging conversations started" ina ujanja wake: mtu asiyeongea nawe kwa siku 7 akibonyeza tena anahesabiwa kama mazungumzo yaliyoanza, hata kama ni mama yuleyule aliyenunua wiki mbili zilizopita. Ripoti itakuambia umepata watu 90, daftari lako la lebo litasema wapya ni 70. Amini daftari.

Ukiona mazungumzo ya bei ya kawaida lakini oda hakuna, soma meseji zenyewe. Zikiwa zinauliza bei, tangazo limeficha bei. Zikiwa za Mikindani na Masasi, mstari wa mitaa haupo juu au duara limetanuka. Zaidi ya mmoja kati ya watano akiwa lebo ya Nje ya eneo, rudi kwenye ramani kabla ya kuongeza shilingi. Zikiwa zinauliza kitu kisha kimya, tazama saa uliyojibu. Mtu aliyeuliza saa 3 usiku na kujibiwa saa 1 asubuhi ameshapanga futari nyingine. Ndiyo maana tangazo lifanye kazi tu katika masaa ambayo msimamizi wa oda yupo macho na simu ina chaji.

Mji wenyewe ni mdogo, kwa hiyo wiki ya pili tazama pia "Frequency", yaani wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo. Ikivuka 3 au 4 na gharama ikapanda, watu walewale wanaona picha ileile. Badilisha picha, usitanue duara. Piga picha ya toyo lenye mifuko iliyopangwa, au muhogo ukichemka na tui lake. Kutanua duara hadi Mikindani kunaonekana dawa, ila kunarudisha hesabu ya usafiri iliyotuua kwenye mifuko 18. Anayetaka Mikindani aje na oda ya mifuko 8 kwa pamoja kutoka mtaa mmoja, wapokelee mahali pamoja, siku yao. Hapo sawa.

Mifuko 30 ikitimia Alhamisi usiku, zima tangazo usiku huohuo. Si kesho asubuhi. Msimamizi wa oda awe na ruhusa ya kuzima, siyo mpaka mwenyekiti apatikane. Pesa iliyobaki inasubiri safari ya pili. Wiki ya pili, wale 30 watumiwe ujumbe mmoja kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, broadcast ile, ambayo huwafikia tu walioihifadhi namba yako, hivyo waombe waihifadhi siku unapowafikishia, mkiwa mlangoni. Nusu yao wakirudi, safari ya Jumanne inahitaji wapya 15 tu, na tangazo limeshuka hadi 18,000. Ukiona warudio hawafiki theluthi, tatizo haliko Facebook, liko ndani ya mfuko: muhogo wa maji, nazi iliyooza, au boda aliyefika saa 10.

Muhogo wa maji utautarajia, kwani Ramadhani ya miaka hii huangukia Februari na Machi, mvua za huku zikiwa bado zinanyesha. Onjeni muhogo wa kila shamba kabla halijaingia kwenye zamu: chemsheni mizizi mitatu ya mashina tofauti, na shamba ambalo muhogo wake haulainiki liruke. Muhogo wa safari ung'olewe kuanzia saa 12 asubuhi, ubaki na kikonyo chake, usikatwe ncha, usioshwe na kuachwa umelowa. Tope kidogo ni ushahidi kwamba umetoka ardhini leo.

Kumi la mwisho lina mambo yake. Watu wanahamia kwenye nguo na safari, matangazo ya maduka makubwa yanajaa na bei ya kila mazungumzo hupanda. Tangazo la kulipia liishe kabisa usiku wa kuamkia mwezi 28, mbaki na wateja wenu wa zamani. Siku ya 30 ndiyo ya mtihani, kwani huijui kama ipo mpaka mwezi wa Shawwal uangaliwe jioni ya 29. Nyanya ungekuwa umeshaichuma. Kwa muhogo, watumie wateja mapema ujumbe mmoja: "Mwezi usipoonekana, nikuletee kesho? Jibu NDIYO na idadi." Majibu yaandikwe kwa mtaa, toyo apewe taarifa kwamba huenda kukawa na safari, na majembe yabaki ukutani mpaka mwezi utangazwe.